Kitako cha Kopo

Mwalimu wa chekechea anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, huku Mbagala, aliniomba kitu kidogo. Alitaka hadithi ya wanyama inayohusu kusema ukweli, isiyozidi dakika nne. Isimuliwe na mtu mmoja, na picha ziwe chache na za kawaida, watoto wasije wakakodolea rangi wakaacha maneno. Angewaonyesha Jumamosi kwenye televisheni ya sebuleni kwake. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe siku mbili." Nilimpelekea baada ya mwezi na siku kadhaa, na sababu ya kuchelewa ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Siku ya kwanza nilimwita Sungura. Mtu aliyekulia pwani akiambiwa atunge ngano, mkono unamwandika Sungura wenyewe. Nikamfanya awe msema kweli, aokote pochi, airudishe, mfalme ampe zawadi. Nikamsomea mtoto wa dada yangu, ana miaka saba. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akasema, "Mjomba, huyo siyo Sungura. Umemvalisha tu masikio."

Alikuwa na haki. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikusanya ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, akazichapisha London mwaka 1870. Mojawapo ni ile ya kima na papa, ambayo wengi wetu tuliisikia tukiwa hatujui kama imewahi kuandikwa. Kima anakaa kwenye mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa makuyu, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Wakiwa katikati ya maji papa anamweleza habari ilivyo: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba angelisema mapema, maana makima wakisafiri mioyo yao huiacha mitini. Basi wanarudi, kima anakwea mti, na hashuki tena.

Hebu tazama ni nani aliyesema kweli pale baharini. Ni papa. Tangu utotoni tumekuwa tukimshangilia yule aliyedanganya. Na kima akiwa juu ya mti anamsimulia papa kisa kingine, cha punda wa dobi, ambamo sungura anakula moyo na masikio ya punda, kisha anamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi kwako mara ya pili. Simba anaridhika. Ngano zetu hazisemi kwamba mwongo hushindwa. Mnyonge akikamatwa na mwenye nguvu, zinasema, ulimi ndio panga lake. Mtoto wa uswahilini anayaelewa hayo kabla hajajua kuhesabu, kwa hiyo ukimletea Sungura aliyetubu anakuona wewe ndiye mwongo.

Nikaona kwamba ninachotafuta ni uongo ambao anayeusema si mnyonge. Niliupata sokoni. Pale gengeni, anayeshika kopo ndiye mwenye nguvu. Mnunuzi anatoa hela, anashika mfuko, anatazama. Kipimo kiko mkononi mwa mwingine. Serikali ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wanaokagua na kuweka mihuri kwenye mizani, lakini maharage ya jioni, yale ya mtu mwenye hela ya siku moja, bado katika magenge mengi yanapimwa kwa kopo, na kopo halina muhuri.

Ujanja wenyewe unajulikana: kitako cha kopo kinabonyezwa kiingie ndani. Kwa nje kopo ni lilelile, kimo kilekile, na nafaka zinapanda hadi juu zikafanya kichuguu. Nilichukua makopo mawili ya maziwa ya unga yanayofanana, moja nikaligonga kitako kwa jiwe, kisha nikayapima yote kwa maji. Lililo zima lilichukua vikombe vinne vya chai. Lililobonyezwa lilichukua vinne kasoro robo. Robo kikombe huioni kwa macho. Lakini robo kumi na sita ni vikombe vinne, yaani ukishauza makopo kumi na sita umebakiwa na kopo zima ambalo watu wamelilipia na hawakulipata.

Sasa nani ashike kopo hilo? Ningempa Fisi, watoto wangejua sentensi ya kwanza tu kwamba anaiba, na hadithi ingekuwa imeisha. Nikampa Kanga. Ndege safi, madoadoa yake yamepangika kama mtu aliyekaa kwenye kioo asubuhi nzima, anasalimia kila mtu, anajua majina ya watoto wa wateja wake. Na msema kweli nikamfanya Kunguru. Siyo yule wa zamani mwenye kifua cheupe. Ni huyu mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, leo ametapakaa Dar es Salaam yote, kuanzia Bunju hadi Mbagala, na hakuna anayempenda. Anabeba vifaranga, anakwapua kipande cha sabuni karoni wakati mwenyewe amegeuka kuanika. Kila mtoto wa huku ameshamrushia jiwe. Nilitaka ukweli utoke kwenye mdomo ambao hakuna aliye tayari kuuamini.

Kunguru ana jambo moja ambalo wengine hawana. Anakaa juu ya bati. Wateja wanamtazama Kanga kutoka mbele, Kunguru anamtazama kutoka juu, na kopo likiwa tupu yeye anakiona kitako chake. Hapo ndipo hadithi na picha zilipokutana.

Kuhusu picha sikuhangaika kutafuta mbali. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikaa Msasani na kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kupaka nyumba na baiskeli, juu ya vipande vya silingibodi. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, lakini ushirika wa wachoraji wanaofuata mtindo wake uko Oysterbay hadi leo, ndani ya Kinondoni. Tazama picha zake za mwanzo: mnyama mmoja, amejaza ubao, nyuma yake rangi moja tupu. Hakuna msitu, hakuna mawingu. Ukiiona kwa sekunde mbili umeshaielewa. Hicho ndicho picha ya kuchomeka katikati ya simulizi inachohitaji, kwa sababu mtoto ana sikio kwa msimuliaji na jicho moja tu la kuazima. Nilichora kwenye maboksi yaliyofunguliwa, nikapiga picha kwa simu. Kunguru mweusi nikamwekea manjano nyuma, maana kwenye bluu iliyokolea alikuwa anapotea akabaki mdomo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuichora kila sentensi. Sauti inasema Kanga alijaza kopo, picha inaonyesha Kanga akijaza kopo. Mtoto anaambiwa jambo moja mara mbili, na mara ya pili anaanza kuchezea vidole vya miguu. Nilikuwa na picha ishirini na sita. Nikazipunguza hadi kumi na moja, kwa kanuni moja: picha isionyeshe kile ambacho sauti imeshakisema. Sauti ikieleza kilichoko mbele ya kopo, picha ionyeshe kilichoko ndani yake.

Sehemu yenyewe ikawa hivi:

Sauti: Kanga akachota choroko. Akajaza kopo mpaka likafanya kichuguu. Akasema, "Kopo moja, Bi Bata, na hii ya kuongezea."
Picha ya 5: Kopo limepasuliwa katikati kama papai. Choroko juu, kitako kimevimba kama goti.

Sauti: Bi Bata akashukuru. Akaenda zake.
Picha ya 6: Kopo tupu kutoka juu. Pembeni, kivuli cha Kunguru.

Sauti: Na juu ya bati, kulikuwa na mtu anatazama.
(Hakuna picha. Uso wa msimuliaji.)

Lile kopo lililopasuliwa sikulifikia moja kwa moja. Mwanzoni nilichora kopo kwa mbele tu, lenye kitako kilichojikunja kidogo. Mpwa wangu alitazama mara tatu akauliza choroko zilizopungua Kanga alizila saa ngapi. Hakuwa ameelewa kwamba hazikuwahi kuingia. Nilipolipasua kopo kama papai alinyamaza, akaenda jikoni akalipindua kopo la chumvi kuangalia. Picha hiyo nikaipa sekunde kumi na mbili, wakati nyingine zinapata tano au sita.

Kuna kitu kilinijia wakati naandika sehemu ile ambacho sikukitegemea. Nilirudi kuhesabu uongo wa Kanga, nikakuta hakusema hata mmoja. Alisema kopo moja, na lilikuwa kopo moja. Alisema na hii ya kuongezea, na aliongeza kweli, punje chache kwa vidole vitatu. Kila neno lake lilikuwa sahihi. Kunguru naye, mshika ukweli wangu, ndiye aliyekuwa na uongo wa kusemwa, kwa sababu sabuni ya Bi Bata aliichukua yeye, na alipoulizwa alisema ni upepo.

Kwa hiyo Kunguru aliposhuka na kusema "kitako cha kopo kimevimba," wanyama walicheka. Mbuzi alisema, "Mwizi wa sabuni leo amekuwa bwana vipimo." Hapo nilikwama wiki nzima. Ningeweza kumleta Tembo mwenye mamlaka apindue kopo, haki itendeke. Lakini ukweli ungekuwa umeokolewa na ukubwa wa Tembo, na tungekuwa tumerudi kulekule kwa mfalme na zawadi yake. Mwishowe nilimfanya Kunguru aruke hadi kwenye kiota chake, arudi na sabuni, imebaki nusu, aiweke mbele ya Bi Bata na kusema, "Hii niliiba mimi. Upepo haukuiba." Bi Bata akamnyofoa manyoya mawili ya mkia. Wanyama wakanyamaza. Kisha Bi Bata, bado ana manyoya ya Kunguru mdomoni, akageuka akalitazama kopo. Sikumpa Kunguru zawadi, na manyoya hayakurudi. Katika picha ya 10 na ya 11 mkia wake una pengo, na sauti haisemi lolote juu yake.

Msimuliaji nilimchagua mama. Ana sauti ya chini, haharakishi, na kwa miaka mingi nilipokuwa mdogo aliuza nafaka gengeni Tandika, kwa hiyo maneno ya kazi yako mdomoni mwake. Nilimpima kwa saa ya simu: anasoma maneno kama tisini kwa dakika. Kwa dakika nne hiyo ni mia tatu na sitini, na ukitoa nafasi za kupumua yanabaki mia tatu na ishirini. Andiko langu lilikuwa na mia sita na kumi. Nilikata maelezo yote ya rangi, hali ya hewa na tabia, kwa kuwa hayo ni mzigo wa picha. Kilichobaki ni vitenzi. Ngano ya Kiswahili inatembea kwa ile "ka": akachota, akajaza, akasema. Niligundua ukibadilisha picha kwenye "ka," jicho linaona ni haki yake. Ukiibadilisha katikati ya sentensi, mtoto anashtuka kama aliyekanyagwa.

Mwanzoni tulimweka mama aseme "Paukwa!" Lakini msimuliaji wa kwenye kioo hawasikii watoto. Akiendelea mara moja, anawakatisha. Nikaacha sekunde tatu za ukimya, kioo cheusi, ili "Pakawa!" ipate pa kukaa.

Kurekodi huku kwetu ni vita na bati. Mchana kuna bodaboda, kuna muuza ice cream na wimbo wake, na kunguru wenyewe wanagombana juu ya paa kana kwamba wamesikia wanasemwa. Tulirekodi saa nne usiku, godoro limesimamishwa dirishani, feni imezimwa, mama amejifunika khanga ya pili kwa sababu ya mbu.

Lazima nikiri jambo hapa. Picha za kuchomeka zina kazi mbili. Moja ni kuonyesha. Ya pili ni kuficha. Msimuliaji akijikwaa, unakata sauti, unaunga na ile aliyorudia, na juu ya kiungo unaweka picha ili mdomo wake usionekane ukiruka. Kila mtu anayehariri video anafanya hivyo, mimi pia, na sioni dhambi yake. Ila nilipopanga picha zangu kumi na moja kwenye meza, nilikuta tatu hazionyeshi chochote cha maana. Zilikuwa plasta. Nilikuwa nimezichora mapema, kabla mama hajafungua mdomo, kwa kutegemea kwamba atakosea.

Alikosea mara moja tu, na haikuwa kujikwaa. Tulikuwa kwenye picha ya 4, pale Kanga anapotengeneza kopo lake usiku. Niliandika: "Kanga akachukua jiwe. Akaligonga kopo kitako, kong! kong!" Mama akafika kwenye jiwe akasimama. Nikadhani haoni vizuri, nikamsogezea taa.

"Siyo jiwe," alisema.

"Mama?"

"Jiwe lina kona. Linaacha makovu, mteja akilipindua kopo anajua. Na lina kelele." Alilishika lile kopo langu la majaribio, lilikuwa pale kitandani, akapitisha kidole gumba kwenye alama nilizoacha. "Unachukua mchi. Ule upande wa mviringo. Unaweka kitambaa, unasukuma hivi, unazungusha. Kinaingia duara, mtu anadhani limetoka hivyo kiwandani."

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nilikuwa naona namba zinakwenda.

"Na unafanya wakati wa kutwanga kisamvu," alisema. "Mlio ni uleule."

Nyumbani tulikula kisamvu Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nikilala chumba cha uani, na ule mlio wa mchi nilikuwa nausikia nikiwa nusu usingizini, na kama ungeniuliza siku yoyote katika miaka thelathini iliyopita ungesikia nikisema ni sauti ya nyumbani. Sikujua niseme nini. Nilitaka kuuliza ni makopo mangapi, kwa muda gani, kama baba alijua. Robo kikombe mara ngapi hufikia sare ya shule? Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Mama alikuwa anaikunja ile karatasi ya andiko na kuikunjua. Baadaye aliniuliza kama Kanga mwishoni anafukuzwa sokoni.

"Hapana," nikamwambia. "Anapata kopo lingine."

"Wanarudi kununua kwake?"

"Bi Bata anarudi. Analipindua kopo kwanza, kila siku, halafu ananunua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia bei. "Ndivyo," alisema. "Analipindua kwanza." Akajiweka sawa khanga yake, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Haya, baba, tuanzie pale usiku. Na huko kwenye picha ondoa hilo jiwe."

Kuna kiungo pale kwenye sauti, kati ya "Kanga" na "akachukua mchi." Ukisikiliza kwa makini utasikia koo lake limebadilika. Sikuweka picha juu yake. Uso wake upo, mdomo unaruka kidogo, na mwalimu aliponiuliza kama kuna hitilafu nilimwambia ndivyo ilivyo.

Picha ya 4 niliichora upya usiku uleule, kwenye boksi la sabuni. Nyuma kijani tupu. Kanga amejaza ubao, madoa yake yote yamehesabiwa. Mchi uko chini ya bawa. Nilipomwonyesha asubuhi aliitazama akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi, akasema nimesahau kinu, na kando ya kinu niweke majani.

"Majani ya nini, Mama?"

"Ya kisamvu," alisema, akaenda kuchota maji.